Mwenye pumu akitafuta nyumba Bujumbura, aulize upepo kabla ya kodi

MFANYABIASHARA anayefika Bujumbura kutoka Kigoma, Uvira au Bukavu akitaka kupanga nyumba huuliza mambo matatu. Huuliza kodi ni kiasi gani, soko liko umbali gani na mtaa una usalama kiasi gani. Mwenye pumu ana swali la nne ambalo dalali hatamjibu asipoulizwa: hewa ya usiku katika nyumba ile inatoka wapi, na njiani inapita juu ya nini?

Swali hilo limekuwa la watu wengi kuliko zamani. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayogusa haki ya raia wa nchi wanachama kwenda, kufanya kazi na kuishi upande wa pili wa mpaka, ilianza kutumika Julai 1, 2010. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022, hivyo Uvira na Bujumbura, miji inayotazamana kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, sasa imo ndani ya jumuiya moja. Wafanyabiashara ambao zamani walilala gesti siku mbili na kurudi kwao, wengine sasa wanapanga vyumba kwa miezi. Gesti mbaya mtu huihama asubuhi. Nyumba iliyolipiwa miezi mitatu mbele haihamiki kirahisi, hata kifua kikikataa.

Madai ya makala haya ni kwamba katika Bujumbura jina la mtaa pekee halimsaidii mgonjwa wa pumu. Mitaa inayosifiwa ina nyumba za kumkosesha usingizi, na mitaa inayodharauliwa ina vyumba ambamo atalala vizuri. Kinachoamua ni vitu vitatu: kitu gani kinawaka au kutimua vumbi katika mita mia mbili au tatu kutoka dirishani, upepo wa usiku unatokea upande gani, na nyumba imetazamwa mwezi gani wa mwaka.

Jiji lililo kati ya ziwa na milima

Bujumbura imekaa kama sahani iliyoinamishwa. Upande wa magharibi liko ziwa, ambalo uso wake uko karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo jiji linapanda polepole kuelekea mashariki, kupita katikati ya mji na Rohero, kisha linaanza kukwea Kiriri, Mutanga na Gihosha. Nyuma ya mitaa hiyo milima inainuka haraka, na ukifuata barabara ya Bugarama unafika zaidi ya mita 2,000 kabla hujamaliza kilomita 40. Kaskazini na kaskazini-magharibi kuna bonde tambarare la Rusizi, ambako ndiko waliko Kinama, Buterere, Kajaga na Gatumba.

Umbo hilo ndilo linaloendesha hewa ya jiji. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na hewa baridi zaidi ya ziwani huja kujaza nafasi. Hivyo kuanzia asubuhi ya katikati hadi jioni upepo kwa kawaida huvuma kutoka ziwani kwenda milimani. Usiku mambo hugeuka. Miteremko ya milima hupoa haraka, hewa yake huwa nzito, na hutiririka kushuka kuelekea ziwani, ikifuata hasa mabonde ya mito inayokata jiji kama Ntahangwa na Muha.

Mfanyabiashara anayejua mikondo ya ziwa ataelewa mara moja maana yake. Moshi uliotolewa saa tisa mchana karibu na bandari unaelekea mitaa ya juu. Moshi uliotolewa saa mbili usiku katika mitaa ya juu unateremka kwenda mitaa ya chini. Usiku usio na upepo mkubwa, hewa hiyo baridi ikishafika kwenye tambarare hutulia kama maji ndani ya bakuli, na tabaka la hewa yenye joto kidogo juu yake huifunika kama kifuniko. Moshi ulioingia humo hautoki mpaka jua lipande na kuivuruga hewa hiyo. Ndiyo maana katika mitaa ya chini saa mbaya mara nyingi si mchana wenye magari mengi, bali ni kuanzia magharibi hadi saa moja au mbili asubuhi.

Kwa mwenye pumu saa hizo ni mbaya mara mbili. Mapafu yenyewe hubana zaidi usiku wa manane na alfajiri kutokana na mzunguko wa kawaida wa mwili, na madaktari wanajua kwamba kukohoa na kukorota kifua kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri ni dalili ya pumu isiyotulizwa. Mwili unapokuwa dhaifu zaidi ndipo hewa ya tambarare inapokuwa nzito zaidi. Mtu anaweza kuzunguka sokoni siku nzima bila tatizo, akaamka saa tisa usiku akitafuta pumzi, na asijue kwamba chanzo ni moshi wa jioni uliokuja kulala naye.

Moshi wa karibu ni moshi wa jirani

Karibu kaya zote za Burundi hupika kwa kuni au mkaa. Ndani ya Bujumbura mkaa ndio mfalme, na jiko lake ni lile ambalo wenyeji huliita imbabura. Wengi husema mkaa hauna moshi, na mtu akitazama jiko lililokolea ataamini hivyo. Ukweli ni kwamba moshi wa mkaa una saa zake. Hutoka kwa wingi wakati jiko linawashwa, hasa likiwashwa kwa vipande vya mifuko ya plastiki au mpira, na wakati mkaa haukuiva vizuri tanurini na bado una kuni ndani yake. Baada ya dakika ishirini au thelathini moshi unaoonekana hupungua, lakini chembe ndogo na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, huendelea kutoka. Kwa sababu ya gesi hiyo, jiko la mkaa halilazwi chumbani hata liwe limebaki majivu mekundu tu.

Chembe zinazomsumbua zaidi mgonjwa ni zile zenye upana wa mikromita 2.5 au pungufu, yaani karibu moja ya thelathini ya upana wa unywele. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni. Chembe hizi ndogo hufika mwisho wa mapafu, na kwa mwenye pumu huzifanya njia za hewa zivimbe na kubana. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2021 linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo ya hewa, na wastani wa siku usizidi 15. Ua ambao majiko matano au sita yanawashwa kwa pamoja hupita kiwango cha siku mara nyingi kwa saa hizo.

Hapo ndipo jina la mtaa linapopoteza maana. Moshi hupungua nguvu kila unapoondoka kwenye chanzo chake. Jiko moja lililo mita mbili kutoka dirishani lina uzito kwenye kifua cha mgonjwa kuliko majiko mia yaliyo nusu kilomita mbali. Nyumba ya Kiriri yenye kibanda cha mlinzi anayepikia kuni chini ya dirisha la chumba cha kulala inaweza kuwa na hewa mbovu kuliko chumba cha Bwiza ambacho dirisha lake linatazama ukuta mtupu upande wa upepo. Vivyo hivyo baa inayochoma mishikaki na mukeke kila jioni. Kwa jirani wa kawaida ni harufu nzuri ya chakula, kwa mwenye pumu ni tanuri linalowaka kuanzia saa kumi na moja jioni hadi usiku wa manane, na mwishoni mwa wiki hukesha.

Barabara kuu na mita zake

Chanzo cha pili ni barabara. Bidhaa nyingi za Bujumbura hutoka bandari ya Dar es Salaam kwa malori, hupita mpaka wa Kabanga na Kobero, na huingia jijini zikishuka kutoka Bugarama kwa barabara ya taifa namba 1 hadi Kamenge. Lori lililobeba tani nyingi likiteremka mlima hutoa vumbi la breki, na likipanda kurudi hutoa moshi mweusi wa dizeli kwa sababu injini inafanya kazi kwa nguvu yote. Kwenye mwinuko lori hutoa moshi mwingi kuliko lile lile likiwa kwenye tambarare. Kwa hiyo nyumba iliyo kando ya sehemu ya kupanda ina hali tofauti na nyumba iliyo kando ya barabara hiyohiyo mahali palipo sawa.

Umbali ndio unaookoa. Taasisi moja ya Marekani iliyopitia tafiti nyingi za moshi wa magari mwaka 2010 ilifikia hitimisho kwamba eneo linaloathirika zaidi ni lile lililo ndani ya mita 300 hadi 500 kutoka barabara kuu, na kwamba ushahidi unatosha kusema moshi huo huzidisha pumu. Athari kubwa zaidi iko katika mita chache za kwanza. Mtu akihama kutoka nyumba ya mbele hadi nyumba ya safu ya nne au ya tano nyuma yake amepata nafuu kubwa bila kuuhama mtaa.

Kisa kinachotajwa sana katika jambo hili si cha Afrika Mashariki, lakini kinatufaa. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa mtoto wa London, katika wilaya ya Lewisham, aliyeishi takriban mita 30 kutoka barabara yenye magari mengi iitwayo South Circular. Katika miaka yake mitatu ya mwisho alilazwa hospitalini karibu mara 30 kwa pumu. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Desemba 2020 hakimu wa uchunguzi wa vifo, Philip Barlow, aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo hicho. Alisema pia kwamba mama yake hakuwa amepewa maelezo kuhusu hatari ya hewa ile, na kwamba angepewa angechukua hatua. Familia hiyo ilikuwa na madaktari, hospitali kubwa na vituo vya kupima hewa, na bado hakuna aliyeunganisha barabara na kifua cha mtoto mpaka alipokuwa ameshafariki.

Bujumbura ina jambo lake la pekee. Machi 2022 serikali ilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya jiji. Vyombo hivyo havikutoweka. Vilibaki katika mitaa ya pembeni, na kwenye vituo vyake abiria hushuka na kupanda huku injini zikinguruma. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni nao umebadilisha sura ya barabara: siku nyingine ni kimya, siku nyingine ni msururu mrefu wa magari unaosogea hatua kwa hatua kuelekea kituo cha mafuta. Anayepanga nyumba aangalie iwapo kituo cha mafuta au kituo cha pikipiki kiko karibu na dirisha lake, kwa kuwa gari linalosimama na kuondoka hutoa moshi mwingi kwa kila mita kuliko linalopita bila kusimama.

Kiangazi hubadilisha hesabu

Nyumba iliyotazamwa Aprili haielezi kitu kuhusu Agosti. Mvua za Oktoba hadi Mei huiosha hewa, hulowanisha barabara za udongo na huzima moto wa nyasi. Kuanzia Juni ardhi inakauka. Upepo wa kusini-mashariki huongezeka nguvu ziwani, na katika mitaa yenye barabara za udongo kila gari huacha wingu nyuma yake. Wakati huohuo mashamba na nyika huchomwa Kongo, Zambia, Tanzania na Burundi kwenyewe. Ndiyo sababu Julai na Agosti milima ya Uvira, ambayo Aprili huonekana dhahiri ng'ambo ya ziwa, hupotea nyuma ya ukungu wa kijivu.

Moshi huo wa mbali haukwepwi kwa kuhama mtaa. Unafunika Kinindo kama unavyofunika Kinama. Mgonjwa anayebanwa kila Julai popote alipo anapaswa kuzungumza na daktari kuhusu dawa ya kuzuia kabla ya Juni, maana pesa za kuhama hazitamnunulia hewa hiyo. Vumbi la barabara ni jambo jingine. Lina chembe kubwa zaidi, huanguka karibu, na uzio wa miti, ukuta au barabara iliyotandikwa mawe hulipunguza sana.

Wengine wakikimbia moshi hukimbilia ufukweni, kwa kuwa hewa ya mchana itokayo ziwani ni safi. Hapo kuna mtego. Ziwa Tanganyika limepanda sana miaka ya karibuni, na mwaka 2024 maji yalifunika nyumba na barabara Gatumba na sehemu za ufukwe wa Bujumbura. Nyumba iliyowahi kukaa ndani ya maji hubaki na unyevu kutani kwa muda mrefu, na ukungu unaoota kwenye unyevu huo huchochea pumu kama moshi unavyochochea. Matope yaliyoachwa na mafuriko nayo yakikauka huwa vumbi laini. Ukuta wenye mstari wa maji, rangi inayobanduka chini na harufu ya uvundo chumbani ni sababu tosha ya kuondoka bila kuuliza kodi.

Upande wa kaskazini-magharibi tahadhari ni Buterere, ambako taka za jiji zimetupwa kwa miaka mingi. Rundo la taka huweza kuwaka chini kwa chini siku nyingi bila ndimi za moto. Moshi wake una plastiki, na upepo wa ziwani wa mchana huusukuma kuelekea ndani ya makazi.

Nyumba tatu, kifua kimoja

Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara wa Kigoma mwenye pumu, anayeleta dagaa na kununua vitenge, na ambaye meza yake iko karibu na soko la Ruvumera, Buyenzi. Kwanza ahesabu saa zake. Sokoni anakaa saa tisa, njiani saa mbili, nyumbani saa kumi na tatu. Hewa ya nyumbani ni zaidi ya nusu ya hewa yote anayovuta, na saa hizo ndizo zenye usiku na alfajiri ndani yake.

Nyumba ya kwanza iko Buyenzi, dakika kumi kwa miguu. Lugha ni Kiswahili, jirani ni ndugu, kodi ni nafuu. Lakini chumba kiko ndani ya ua wa kaya sita, majiko sita huwashwa karibu na mlango, na barabara ya mbele ina gareji zinazochomelea vyuma, kupuliza rangi na kujaribu injini. Rangi ya gari inayopulizwa ni hatari yake peke yake, kwa kuwa aina nyingi zina kemikali zinazojulikana kuamsha pumu hata kwa kiasi kidogo.

Nyumba ya pili iko Kamenge, mita 40 kutoka barabara ya malori. Ina choo chake na jiko lake, na Hospitali ya Mfalme Khaled iko karibu. Ubaya wake ni lori la saa kumi usiku.

Nyumba ya tatu iko Gihosha, barabara ya ndani, juu kidogo, na dirisha la chumba linatazama mashariki, unakotoka upepo wa usiku. Upande huo kuna bustani na nyumba chache. Hewa ni nzuri kuliko zote, lakini kodi ni kubwa, na mafuta yakikosekana basi haliji. Mama huyu atapanda mlima kwa miguu jioni akiwa na mzigo, na kupanda mlima na mzigo nako hubana kifua. Usiku akibanwa, gari la kumpeleka hospitali halipatikani kirahisi.

Jibu la haraka ni Gihosha, na kwa mwenye gari lake ni jibu sahihi. Kwa mama huyu jibu bora linaweza kuwa la nne, lililofichwa ndani ya lile la kwanza: kubaki Buyenzi au kwenda Ngagara jirani, lakini katika nyumba ya pembeni. Atafute ua wa kaya mbili badala ya sita, barabara isiyo na gareji, na chumba kilicho upande wa mashariki wa ua, ili upepo wa usiku uuchukue moshi wa majiko na kuupeleka mbali naye. Akikubaliana na jirani jiko lisogezwe hadi kona ya magharibi na liwashwe nje ya ua mpaka moshi wa kwanza uishe, amepata sehemu kubwa ya nafuu ya Gihosha kwa kodi ya Buyenzi, akiwa karibu na Hospitali ya Prince Régent Charles.

Kupima bila mashine

Kabla ya kulipa, nyumba itazamwe mara tatu kwa saa za Bujumbura, ambazo ziko nyuma ya zile za Kigoma kwa saa moja. Aende saa kumi na mbili alfajiri, saa tisa mchana, na saa moja usiku majiko yakiwa yamekolea. Dalali hupenda kuonyesha nyumba saa nne asubuhi, wakati moshi wa usiku umeshatawanyika na upepo wa ziwa umeanza. Ni saa nzuri kuliko zote, na ndiyo inayodanganya.

Akiwa hapo atazame majani ya mwembe au mgomba ulio karibu. Yakiwa na unga mwekundu, tatizo ni vumbi la barabara. Apanguse kizingiti cha dirisha kwa kitambaa cheupe chenye maji. Doa la kahawia linalosuguka na kutoka ni udongo. Doa jeusi lenye mafuta linalong'ang'ania ni masizi ya moshi, nalo ni baya zaidi kwa kifua. Aangalie dari na ukuta juu ya dirisha, kwa maana mwenye nyumba hupaka rangi ukuta wa mbele na kusahau dari. Kisha awashe kijiti cha ubani dirishani usiku na kutazama moshi wake unaingia ndani au unatoka. Chombo hicho kidogo kinamwonyesha mkondo wa hewa wa nyumba ile kuliko maelezo ya mtu yeyote.

Akishahamia, kifua chenyewe ndicho kipimo. Madaktari hutumia bomba dogo la plastiki lenye mshale unaoonyesha lita za hewa ambazo mtu anaweza kupuliza kwa dakika. Mgonjwa hupuliza mara tatu asubuhi na mara tatu jioni na kuandika namba kubwa. Tuseme namba yake bora akiwa mzima ni 400. Ikiwa ndani ya 320 na kuendelea, yaani asilimia 80, yuko salama. Kati ya 200 na 320 ni tahadhari, afuate maelekezo ya daktari kuhusu kuongeza dawa. Chini ya 200, yaani nusu, ni hospitali bila kungoja asubuhi. Vivyo hivyo akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au inhela ya kufungua kifua ikimsaidia chini ya saa nne kisha akabanwa tena.

Kwa wiki mbili namba hizo humweleza jambo ambalo mtu hawezi kulihisi. Namba za asubuhi zikishuka akiwa Bujumbura na kupanda akirudi Kigoma, nyumba ndiyo inayoshukiwa kwanza. Zikishuka jioni baada ya soko na kupanda asubuhi, lawama iende kwenye meza yake au njia anayopita, na kuhama nyumba kutakuwa kupoteza pesa. Kwa sababu hiyo ni busara kuomba mkataba wa mwezi mmoja wa majaribio hata kwa kodi ya juu kidogo, kabla ya kulipa miezi mitatu.

Kinachoweza kufanywa na jumuiya

Mgonjwa mmoja anaweza kusogeza jiko la jirani. Hawezi kusogeza barabara ya malori. Kampala imeonyesha sehemu ya njia: tangu mwaka 2015 mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitengeneza vipimo vya bei nafuu vya hewa, vinavyofungwa juu ya nguzo na paa na hata kwenye pikipiki, na matokeo yake husomwa kwa simu. Kipimo cha namna hiyo kikiwekwa Ruvumera, kingine Kamenge kando ya malori na kingine Gihosha, ndani ya mwaka mmoja wapangaji wangejua saa mbaya za kila eneo, mvua na kiangazi. Wataalamu lazima wavilinganishe mara kwa mara na mashine kubwa, kwa kuwa unyevu wa karibu na ziwa huvifanya visome zaidi ya ukweli.

Sehemu nyingine ya dawa iko kwenye bei ya gesi ya kupikia. Gesi inayofika Bujumbura ni ya kuagizwa kutoka nje na husafirishwa mbali kwa barabara, na mtungi ukifika umebeba gharama ya njia nzima. Maadamu mkaa ndio rahisi kupatikana, kila jioni majiko yatawashwa kutoka Gihosha hadi Buyenzi, na kila usiku hewa itateremka nao kuelekea ziwani. Mpangaji mwenye pumu, kabla ya kutoa kodi, ahakikishe kitanda chake hakiko katika njia hiyo.